Pengo la Bei ya Bitkoini: Faida Inayoishia Njiani

Bitkoini haina bei moja. Kila soko la kripto, yaani kila kampuni inayoendesha jukwaa ambako watu huuziana sarafu za kidijitali, lina wateja wake, fedha zake na daftari lake la oda. Bei inayosomeka kwenye kioo cha simu ni ile tu ambayo mnunuzi mmoja na muuzaji mmoja wa soko hilo wamekubaliana punde. Binance haiulizi Kraken bei ya leo ni ngapi, wala Coinbase haingoji tangazo kutoka kokote. Kinachozifanya bei za masoko hayo zikaribiane ni watu na programu zinazonunua palipo rahisi na kuuza palipo ghali. Biashara hiyo huitwa arbitraji, na kila anayeifanya huliziba kidogo pengo lilelile analolifuata, kwa kuwa ununuzi wake hupandisha bei upande mmoja na mauzo yake huishusha upande wa pili.

Kwa mtazamaji wa kawaida jambo hili huonekana jepesi. Soko moja linaonyesha dola 60,000, lingine dola 60,420. Tofauti ni dola 420 kwa bitkoini moja, sawa na asilimia 0.7, na hakuna kinachoonekana kumzuia mtu kununua hapa na kuuza pale. Mapengo ya namna hii hujitokeza kweli, na programu ya kuyafuatilia si ngumu kuiandika. Lakini kati ya pengo linaloonekana na fedha inayobaki mkononi kuna safari, na safari hiyo ina nauli na ina muda.

Kosa la kwanza hutokea hata kabla ya safari kuanza, nalo ni kusoma namba isiyo sahihi. Namba kubwa inayoandikwa juu ya ukurasa wa soko ni bei ya muamala wa mwisho, na muamala huo huenda ulifanyika sekunde moja iliyopita au, katika soko dogo, dakika kadhaa zilizopita. Hakuna anayeahidi kuuza tena kwa bei hiyo. Bei zinazohusika ni mbili: bei ya chini kabisa ambayo muuzaji yuko tayari kupokea, na bei ya juu kabisa ambayo mnunuzi yuko tayari kutoa. Anayenunua mara moja hulipa bei ya muuzaji. Anayeuza mara moja hupokea bei ya mnunuzi. Kwa hiyo pengo la kweli hupimwa kwa kulinganisha bei ya muuzaji katika soko rahisi na bei ya mnunuzi katika soko ghali. Pengo hilo karibu kila mara ni dogo kuliko lile la bei za mwisho.

Masoko makubwa hutoa daftari zao za oda bure, bila hata kufungua akaunti. Kwa mfano, maombi mawili yafuatayo huleta oda 10 za juu za kila upande, moja kutoka Kraken na jingine kutoka Binance:

```
https://api.kraken.com/0/public/Depth?pair=XBTUSD&count=10
https://api.binance.com/api/v3/depth?symbol=BTCUSDT&limit=10
```

Msomaji makini ataona kwamba Kraken huita bitkoini XBT badala ya BTC. Hiyo ni tofauti ya jina tu. Tofauti ya maana iko upande wa kulia: soko la kwanza linauza kwa dola za Marekani, la pili linauza kwa USDT, sarafu ya kidijitali inayotolewa na kampuni ya Tether na kukusudiwa kuwa na thamani ya dola moja. Kukusudiwa si kuwa. USDT ikishuka hadi senti 99.6, bitkoini itaonekana ghali kwa asilimia 0.4 katika soko la pili ilhali bei yake haijabadilika popote.

Jambo hilo lilionekana kwa ukubwa tarehe 11 Machi 2023. Siku moja kabla, benki ya Silicon Valley huko California ilikuwa imefungwa, na kampuni ya Circle, inayotoa sarafu ya USDC, ikatangaza kwamba dola bilioni 3.3 za akiba yake zilikuwa ndani ya benki hiyo. USDC ilishuka chini ya senti 90. Kwa saa kadhaa, programu yoyote iliyolinganisha bitkoini ya USDC na bitkoini ya dola bila kutofautisha fedha hizo mbili ilipiga kengele ya faida inayozidi asilimia 10. Aliyeuza bitkoini yake kwa bei hiyo nzuri alipokea sarafu ambayo wakati ule hakuna aliyeichukua kwa thamani yake kamili. Siku mbili tatu baadaye, serikali ya Marekani ilipohakikisha amana za benki ile, USDC ilirudi karibu na dola moja. Walionunua USDC kwa senti 90 walipata faida, lakini faida hiyo ilikuwa malipo ya kubeba hatari, na hatari hiyo haikuwa ya bitkoini.

Tukichukulia sasa kwamba fedha ni zilezile pande zote na kwamba daftari za oda zimesomwa vizuri, hesabu yenyewe inaweza kufanywa. Namba zifuatazo ni za mfano, lakini viwango vya ada ni vya aina ambayo mteja wa kawaida hukutana nayo. Mtu ana takriban dola 6,000 na anataka kununua bitkoini 0.1 katika soko A, kuipeleka soko B na kuiuza. Bei za mwisho ni zile za juu: 60,000 na 60,420. Kwa bitkoini 0.1, faida anayoiona kwenye kioo ni dola 42.

Katika daftari la soko A, muuzaji wa kwanza anatoa bitkoini 0.03 tu kwa bei ya 60,010. Wa pili ana 0.05 kwa 60,030. Wa tatu anatoa 0.02 zilizobaki kwa 60,060. Jumla ya ununuzi ni dola 6,003, yaani wastani wa 60,030 kwa bitkoini moja. Soko A linatoza kamisheni ya asilimia 0.1, ambayo ni dola 6. Mpaka hapo ametumia dola 6,009.

Kisha anaomba kutoa bitkoini yake. Soko hutoza ada ya kutoa iliyopangwa kwa sarafu yenyewe, si kwa asilimia. Hapa tuseme ni bitkoini 0.0002, sawa na dola 12 hivi. Ada hiyo ni ya soko, na mara nyingi ni kubwa kuliko kile ambacho soko lenyewe linalipa kwa wachimbaji wa bitkoini, kwa sababu soko huunganisha maombi ya wateja wengi katika muamala mmoja. Inayofika soko B ni bitkoini 0.0998.

Huko B, mnunuzi wa kwanza anataka 0.04 kwa 60,400, na wa pili anazimeza zilizobaki kwa 60,370. Mapato ni dola 6,026.13. Soko B ni la gharama zaidi, linatoza asilimia 0.25, yaani dola 15.07. Zinabaki dola 6,011.06. Ukitoa dola 6,009 zilizotumika, faida ni dola 2.06.

Na mzunguko haujakamilika, maana fedha sasa ziko B wakati pengo lijalo litamtaka awe nazo A. Kuzirudisha kwa njia ya sarafu ya dola kunagharimu, tuseme, dola 4. Dola 42 za kwenye kioo zimegeuka hasara ya dola 1.94. Hakukuwa na tapeli wala ajali. Bei ya bitkoini haikusogea hata senti moja tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo kwa kweli ni upendeleo mkubwa kwa mfanyabiashara huyu. Hesabu yote inaingia katika mstari mmoja, na programu ya kufuatilia mapengo isiyokuwa na mstari huu ni pambo tu:

```
faida = bei_B * (1 - kam_B) * (kiasi - ada_kutoa)
        - bei_A * (1 + kam_A) * kiasi
        - ada_kurudi
```

Hapa bei_A na bei_B ni wastani uliopatikana kwa kushuka ngazi za daftari hadi kiasi chote kitimie, si bei ya ngazi ya kwanza.

Mstari huo unaonyesha pia kwa nini mtaji mkubwa hautibu tatizo moja kwa moja. Ada ya kutoa haibadiliki, kwa hiyo mwenye dola 60,000 ataiona ada ya dola 12 kama kitu kidogo, wakati mwenye dola 600 atakatwa asilimia 2 nzima kabla hajauza chochote. Ila mwenye mtaji mkubwa hushuka ngazi nyingi zaidi za daftari. Oda ya bitkoini moja katika masoko ya mfano wetu ingemaliza wauzaji watatu wa kwanza na kuendelea kupanda kwa wengine saba au wanane, kila mmoja akiwa ghali kuliko aliyemtangulia, na upande wa pili ingewashukia wanunuzi kwa mtindo uleule. Mtaji mdogo huliwa na ada, mkubwa huliwa na uchache wa oda. Katikati kuna kiasi kinachofaa, na mara nyingi kiasi hicho, hata kikiwepo, huleta faida ya dola chache.

Ada ya mtandao nayo haitulii. Nafasi ndani ya kila bloku ya bitkoini ni finyu, na watu wakijaa kwenye foleni, wachimbaji huwatanguliza wanaolipa zaidi. Desemba 2017, wakati wa shamrashamra za bei, wastani wa ada kwa muamala mmoja ulipita dola 50. Tarehe 20 Aprili 2024, siku ambayo zawadi ya wachimbaji ilipunguzwa kwa nusu, wastani huo ulipita dola 100 kwa muda mfupi. Na siku za foleni ndizo hasa siku ambazo bei huyumba na mapengo hupanuka. Ada hupanda saa ileile ambayo faida inaonekana kubwa.

Linalofuata ni muda, na hili watu hulidharau kuliko ada. Mtu anapobonyeza kitufe cha kutoa, bitkoini haiondoki papo hapo. Soko kwanza hutaka athibitishe kwa barua pepe na namba ya siri ya muda. Kisha ombi hupitia ukaguzi wa mashine na, likionekana si la kawaida, la mtu. Masoko mengi huzuia kutoa kwa saa 24 kwa mteja aliyebadilisha nywila juzi au aliyeongeza anwani mpya. Ndipo muamala unatangazwa kwenye mtandao na kuanza kusubiri bloku.

Bloku ya bitkoini hutoka kwa wastani wa dakika 10, lakini wastani huo hauna maana ya saa ya ukutani. Uchimbaji ni bahati nasibu inayochezwa upya kila sekunde, hivyo kusubiri kwa dakika 9 hakumaanishi kwamba imebaki dakika moja. Kwa hesabu ya bahati nasibu hiyo, takriban mara moja katika kila mara saba, bloku moja huchukua zaidi ya dakika 20. Soko linalopokea halitosheki na bloku moja. Tuseme linataka bloku 3 kabla ya kumruhusu mteja kuuza. Wastani wa kusubiri ni nusu saa, na kama mara moja katika kila mara 16, kusubiri huko hupita saa nzima.

Ndani ya nusu saa hiyo bei ya bitkoini husogea. Tukichukulia kwamba mtikisiko wa kawaida wa siku nzima ni asilimia 2.5, mtikisiko wa nusu saa hupatikana kwa kugawa namba hiyo kwa kipeuo cha pili cha 48, kwa kuwa siku ina nusu saa 48. Jibu ni kama asilimia 0.36. Kwa mtaji wa dola 6,000 hiyo ni takriban dola 22 kwenda juu au chini, dhidi ya faida ya mfano wetu ambayo ilikuwa dola 2. Aliyepata faida baada ya safari hiyo huwa amepata kwa sababu bei ilipanda akiwa njiani, na angeweza kuipata vilevile kwa kununua bitkoini na kukaa nayo nusu saa bila kuihamisha kokote. Anayehesabu ushindi wake tu, bila kuandika bei ilikwenda wapi wakati sarafu iko barabarani, anaweza kuamini kwa miezi kwamba anafanya arbitraji wakati anacheza kamari ya kawaida.

Zaidi ya hapo, pengo lenyewe halimsubiri. Katika masoko makubwa, programu zinazokaa kwenye seva zilizo karibu na seva za soko huliona pengo na kulifunga ndani ya sekunde chache au pungufu. Mwenye programu ya nyumbani akiwekea kila pengo alama mbili, saa lilipofunguka na saa lilipofungwa, atagundua upesi kwamba yale yanayozidi gharama zake hudumu muda mfupi sana ukilinganisha na dakika 30 anazozihitaji. Yanayodumu ni yale yaliyo chini ya gharama, na yanadumu kwa sababu hiyohiyo: hakuna anayepata kitu kwa kuyaziba.

Sarafu nyingine husafiri haraka zaidi. Ethereum hutoa bloku kila sekunde 12, na Tron, ambayo hubeba sehemu kubwa ya USDT duniani, kila sekunde 3. Hilo hupunguza muda wa barabarani lakini haligusi ukaguzi wa soko linalotuma wala masharti ya soko linalopokea. Linaongeza pia nafasi ya kukosea. USDT iko kwenye mitandao mingi, na anwani za Ethereum na za BNB zote huanza na 0x na kufanana herufi kwa herufi; anayechagua mtandao ambao soko la upande wa pili halipokei huona fedha zimetoka na hazionekani zilikofika. Kwa XRP, anwani ya soko ni moja kwa wateja wote, na kinachomtambulisha mteja ni namba iitwayo Destination Tag. Ikisahaulika, sarafu hufika sokoni lakini haiingii kwenye akaunti ya mtu, na kuifuatilia kwa huduma ya wateja huchukua siku kadhaa.

Wanaoifanya kazi hii kwa kudumu wameiondoa safari katikati ya biashara. Huweka dola na bitkoini katika masoko yote mawili mapema. Pengo likitokea, hununua bitkoini A kwa dola zilizoko A, na sekunde hiyohiyo huuza B bitkoini iliyoko B. Hakuna kinachosafiri, kwa hiyo muda wa bloku hauwahusu. Huu ndio utaratibu sahihi, lakini si dawa ya kila kitu. Mtaji unagawanywa mara mbili au zaidi, na nusu ya bitkoini inayokaa ikingoja pengo hupanda na kushuka na bei, isipokuwa mwenye nayo ameikinga kwa mkataba wa kuuza baadaye, ambao nao una gharama zake. Tena mapengo mara nyingi huelekea upande mmoja: kama A huwa rahisi kila wiki, bitkoini hujazana A na dola hujazana B, hadi mwisho lazima zihamishwe. Ada ya kutoa imeahirishwa na kugawanywa kwa biashara nyingi, haijafutwa.

Na fedha iliyo ndani ya soko iko mikononi mwa soko. Waliokuwa wameweka akiba ya arbitraji katika soko la FTX waliona mapema Novemba 2022 maombi yao ya kutoa yakikwama, na tarehe 11 ya mwezi huo kampuni ikaomba ulinzi wa mufilisi. Hakuna pengo la asilimia 0.7 linalofidia siku kama hiyo, hata likikamatwa kila siku kwa miezi minne mfululizo.

Haya yote yanahusu mapengo madogo. Pengo kubwa, la asilimia 10 au 40, linalokaa wiki nzima, linahitaji kusomwa kwa namna nyingine kabisa: kuna mlango uliofungwa mahali fulani, na bei inaonyesha ni mlango upi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Mt. Gox ya Tokyo, ambayo mwaka 2013 ndiyo ilikuwa soko kubwa la bitkoini duniani. Mei mwaka huo mamlaka za Marekani zilikamata fedha zake nchini humo, na tangu hapo wateja waliotaka kutoa dola walisubiri wiki hata miezi. Bitkoini, kinyume chake, ilikuwa bado inatoka. Basi aliyekuwa na dola zilizokwama ndani alinunua bitkoini kwa bei yoyote ili apate kutoka nayo, na bei ya Mt. Gox ikapanda juu ya bei za masoko mengine kwa asilimia 10 na zaidi. Mgeni aliyeona tofauti hiyo na kupeleka bitkoini yake kuiuza pale alipata dola nyingi zaidi, ila zilikuwa dola za Mt. Gox, nazo zilikuwa zimefungiwa.

Kisha mlango wa pili ukafungwa. Tarehe 7 Februari 2014 soko hilo lilisitisha kutoa bitkoini, na pengo likageuka: baada ya wiki mbili, bitkoini ndani ya Mt. Gox ilikuwa chini ya dola 200 wakati kwingine ilikuwa zaidi ya dola 500. Aliyedhani ameona bidhaa ya bei nusu alikuwa ananunua dai dhidi ya kampuni ambayo tarehe 28 Februari iliomba ulinzi wa mufilisi mahakamani. Mwelekeo wa pengo ulikuwa umetangaza tatizo kwa usahihi mara zote mbili. Bei ikiwa juu, fedha haitoki. Bei ikiwa chini, sarafu haitoki.

Korea Kusini ilitoa funzo la aina nyingine, maana huko soko halikufilisika. Januari 2018 bitkoini iliuzwa Seoul kwa bei iliyozidi ile ya Marekani kwa zaidi ya asilimia 40 siku kadhaa. Kuipeleka bitkoini Korea na kuiuza kwa won kulikuwa rahisi kiasi; kilichoshindikana ni kuzitoa won nje. Sheria za fedha za kigeni zilimwekea raia kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka, na kupita hapo alihitaji nyaraka za kueleza fedha zinakwenda kulipia nini. Mgeni asiye na kitambulisho cha ukaazi na akaunti ya benki ya huko hakuweza kushiriki. Igor Makarov na Antoinette Schoar, waliochapisha mwaka 2020 uchunguzi wao juu ya miamala ya kipindi hicho, walionyesha kwamba mapengo kati ya nchi na nchi yalikuwa makubwa mara nyingi kuliko yale ya ndani ya nchi moja, na wakayaeleza hasa kwa vizuizi vya kuhamisha fedha.

Tarehe 8 Januari mwaka huo tovuti ya CoinMarketCap iliondoa baadhi ya masoko ya Korea katika hesabu ya wastani wake bila kutangaza mapema. Bei zilizoonyeshwa dunia nzima zikashuka ghafla, na watu wakaanza kuuza kwa hofu wakidhani soko limeanguka. Namba moja ya wastani inaweza kuwa imechanganya fedha inayotembea na fedha iliyofungwa, na anayetazama wastani hawezi kujua.

Kwa sababu hiyo, programu ya kufuatilia bei inapaswa kuuliza pia kama milango iko wazi. Binance, kwa mfano, humwonyesha mwenye ufunguo wa akaunti hali ya kila sarafu katika kila mtandao kupitia vipengele `depositEnable` na `withdrawEnable`. Kimojawapo kikiwa `false`, pengo lolote la sarafu hiyo lifutwe kwenye orodha. Mara nyingi sarafu ndogo inayoonekana rahisi kwa asilimia 8 katika soko fulani ni ile ambayo pochi yake iko kwenye matengenezo.

Afrika Mashariki tatizo hilihili linakuja kwa sura ya biashara ya mtu kwa mtu, ambako USDT hununuliwa kwa shilingi kupitia M-Pesa au benki. Mkenya akifungua ukurasa huo huona wauzaji na wanunuzi kwa bei tofauti, na tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza, au kati ya malipo ya M-Pesa na ya benki, hufanana na faida iliyolala bure. Sehemu ya pengo hilo ni ada ya kutuma. Sehemu nyingine ni ukomo: muamala mmoja wa M-Pesa nchini Kenya hauzidi shilingi 250,000, na siku nzima hauzidi 500,000, kwa hiyo mtaji hauwezi kuzungushwa mara nyingi. Sehemu kubwa zaidi ni hatari ya mtu wa upande wa pili, anayetuma ujumbe bandia wa malipo au anayelipa kisha akaomba muamala urejeshwe baada ya USDT kuachiwa.

Kodi nayo iliwahi kumaliza mjadala. Kuanzia Septemba 2023 Kenya ilitoza asilimia 3 ya thamani ya mali ya kidijitali inapohamishwa au kubadilishwa, si asilimia 3 ya faida. Kwa mfano wetu wa dola 6,000, hiyo ni dola 180 juu ya biashara ambayo faida yake ya kwenye kioo ilikuwa 42. Tanzania, kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2024, iliweka kodi ya zuio ya kiwang'o hichohicho cha asilimia 3 kwenye malipo ya uhamisho wa mali hizo. Kenya iliiondoa kodi yake katikati ya mwaka 2025 na kuweka ushuru wa asilimia 10 juu ya ada zinazotozwa na majukwaa, mzigo ambao katika mstari wa hesabu unaingia kwenye kamisheni: asilimia 0.1 inakuwa 0.11, na 0.25 inakuwa 0.275.